Samaki wenye Ladha ya Tope: Sababu na Namna ya Kuipunguza

Katika vijiji vya Gairo, kambale wa malambo hukataliwa mara nyingi kwa kuwa ananuka tope. Wengi hudhani samaki amekula matope au ameoza. Sivyo. Ladha hiyo hutokana na jiosmini, kemikali inayotengenezwa na vijidudu vya majini, hasa mwani wa kijani-bluu, maji yanapotulia na kujaa samadi. Samaki huivuta kwa mashavu, nayo hukaa kwenye mafuta yake. Haina madhara kwa mlaji.

Kwa hiyo kuosha juu juu hakusaidii. Kambale akiwa hai, tumweke katika maji safi yanayobadilishwa, bila chakula, kwa siku 3 hadi 7. Atapungua uzito kidogo, lakini ladha itatoka.

Akiwa ameshakufa, tukate ngozi kuzunguka shingo, tuishike kwa chumvi au majivu isiteleze, tuivute hadi mkiani. Kisha tuondoe mafuta ya tumboni na nyama nyeusi ya ubavuni. Vipande tuviloweke nusu saa katika maji yenye chumvi na ndimu. Ukali wa ndimu huvunja jiosmini, ila haufiki ndani ya vipande vinene, tukate vyembamba.

Kabla ya kuvua bwawa zima kwa ajili ya kuuza, tuvue samaki mmoja, tupike kipande cha mkia bila chumvi wala viungo, sufuria ikiwa imefunikwa. Tukifunua na kusikia harufu ya tope, tusubiri.