Kwa Nini Hatugawi kwa Sifuri

Tuseme chama cha msingi katika miteremko ya Mlima Meru kina vituo viwili vya kupokea kahawa. Mwezi huo kila kituo kimetumia shilingi 60,000. Kituo cha kwanza kimepokea kilo 400. Cha pili hakikupokea hata kilo moja. Halmashauri inataka kujua gharama ya kila kilo.

Kwa kituo cha kwanza, shilingi 60,000 zikigawanywa kwa kilo 400, kila kilo hubeba shilingi 150. Kwa kituo cha pili, karani akiandika 0, kituo hicho kitaonekana rahisi kuliko vyote, ilhali fedha zimetumika. Hakuna kilo ya kuubeba mzigo, basi hakuna fungu la kutajwa.

Kuzidisha huthibitisha jambo hilo. Jibu la 150 ni sahihi kwa sababu 150 × 400 = 60,000. Lakini ni namba gani ikizidishwa kwa 0 italeta 60,000? Hakuna, kwani kila namba ikizidishwa kwa 0 huleta 0. Na kama gharama nayo ingekuwa 0, kila namba ingefaa, hivyo lisingepatikana jibu moja.

Karani na aweke kistari na kuandika "hakuna kilo". Gharama ya chama kizima ni 120,000 ÷ 400, yaani shilingi 300 kwa kilo. Anayechukua wastani wa 150 na 0 atapata 75, na kuwapotosha wanachama.