SOMO: Mashine Ikikosea, Ushindi ni wa Nani?



Siku ya mshahara wenzetu wengi hupitia kwenye mashine za kamari, au hucheza kwa simu. Katika masharti huwa kuna maneno kama haya: mashine ikiharibika, michezo yote na malipo yote ni batili. Maana yake, ukishinda na mwenye mchezo akasema mashine ilikosea, hakulipi. Je, neno lake ndilo la mwisho? Tutazame kesi mbili.

Huko Uingereza, Januari 2018, mchezaji mmoja wa karata za mtandaoni za kampuni ya Betfred alishinda zaidi ya paundi milioni 1.7. Kampuni ilikataa kulipa, ikidai mchezo ulikuwa na hitilafu. Ilitaka kumpa paundi 60,000 ayamalize. Alikataa, akashitaki. Aprili 2021 Mahakama Kuu iliamua alipwe. Jaji hakusema kwamba hitilafu haikuwepo. Alisema masharti yalikuwa yamebanana na hayasomeki kwa urahisi, na mchezaji hakuonyeshwa wazi kwamba hitilafu asiyoweza kuiona ingemnyima ushindi.

Huko Iowa, Marekani, mwaka 2011, mama mmoja alicheza mashine ya senti. Alama zilimpa dola 1.85, lakini kioo kikaonyesha pia zawadi ya ziada ya dola zaidi ya milioni 41. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya jimbo ilimpa dola 1.85 tu. Kanuni za mchezo, ambazo angeweza kuzisoma kwenye mashine ile ile, hazikuwa na zawadi ya ziada.

Basi swali la kwanza ni hili: ushindi wangu umo katika kanuni za mchezo? Kama umo, una hoja. Hukumu hizi hazizifungi mahakama zetu, lakini zinatuonyesha njia.

Ukikataliwa malipo, fanya hivi:

1. Usiondoke, usibonyeze kitu. Piga picha ya kioo, namba ya mashine na kanuni za mchezo. Andika saa na majina ya mashahidi.

2. Dai mashine isifunguliwe wala isichezwe mpaka mkaguzi afike. Ndani yake kuna kumbukumbu ya michezo ya mwisho. Ikifutwa, umepoteza shahidi mkubwa.

3. Dai jibu kwa maandishi: hitilafu ni ipi, na nani aliyeipima? Usitie sahihi karatasi ya kumaliza shauri kwa pesa kidogo.

4. Peleka malalamiko kwa serikali. Tanzania, ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Usiporidhika, tafuta mwanasheria.

Maswali ya kujadili:

(a) Kwa nini wa Uingereza alilipwa na wa Iowa hakulipwa?

(b) Masharti ya mashine mnayoifahamu yameandikwa wapi, na kwa lugha gani?