Wiki sita za sapu: nilivyozigawa pepa za nyuma nikiwa Matema

Mwaka jana nilirudi nyumbani Matema na sapu moja begani: Takwimu za mwaka wa kwanza. Mama alipouliza mbona nimebeba madesa likizo, nikamwambia ukweli. Akasema, "Haya mwanangu, asubuhi soma, mchana tutakuwa na mpunga na kokoa." Hesabu yangu ikawa hiyo: saa mbili kila asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki sita, kisha basi la kurudi chuo.

Wengi wetu tunapiga msuli na pepa za nyuma kwa namna moja. Tunachukua ya karibuni, tunaifanya yote, tukikwama tunachungulia majibu, halafu tunahamia inayofuata. Ndivyo nilivyofanya kabla ya UE, na ndivyo nilivyopata sapu. Kufika pepa ya tatu nilikuwa najua jibu kabla sijamaliza kusoma swali. Ukiona hivyo, jua hujifunzi tena, unakumbuka tu. Safari hii nikaamua pepa zifuate mada, na mada zifuate alama.

Nilikuwa na pepa tano, kila moja ya alama 100. Nilichapisha tatu za zamani kwenye stesheneri pale Kyela mjini. Mbili za karibuni sikuzigusa. Nilimwomba mwenzangu wa kozi azipitie na kunitumia tarakimu tu: mada fulani alama ngapi. Kwa nini? Kwa sababu pepa ambayo hujawahi kuiona ndiyo kipimo pekee cha kweli, na ukiisoma mapema umeichoma.

Jumla ya alama 500 ilikaa hivi:

- Muhtasari wa data: 80, yaani asilimia 16
- Uwezekano: 100, asilimia 20
- Migawanyo ya uwezekano: 125, asilimia 25
- Upimaji wa nadharia tete: 145, asilimia 29
- Regresheni: 50, asilimia 10

Kama ningeishia hapo, zile saa 50 za wiki tano za kwanza ningezigawa kwa asilimia hizo. Wiki ya sita nilikuwa nimeshaitenga kwa ajili ya pepa nzima. Muhtasari wa data ungepata saa 8. Lakini hiyo mada naijua! Uzito wa mada unakwambia alama ziko wapi, haukwambii wewe unazipoteza wapi.

Basi Jumapili ya kwanza nilikaa saa tatu bila daftari, nikafanya pepa ya zamani kuliko zote, kisha nikajisahihisha kwa ukali. Nilipata 34. Muhtasari wa data nilipoteza alama 3 tu, uwezekano 14, migawanyo 16, nadharia tete 26, regresheni 7. Jumla nimepoteza 66. Saa 50 nikazigawa kwa hizo zilizopotea: unachukua alama ulizopoteza kwenye mada, unagawanya kwa 66, unazidisha kwa 50. Nikapata saa 2, 11, 12, 20 na 5. Linganisha na mgao wa mwanzo: nadharia tete ilikuwa ipate saa 14 na nusu, sasa ina 20, na karibu zote zimetoka kwenye mada niliyokwisha kuiweza.

Hapo kishawishi ni kuanza na mada nzito. Usifanye hivyo. Nadharia tete inasimama juu ya mgawanyo wa kawaida, na mgawanyo unasimama juu ya uwezekano. Uzito unaamua saa ngapi, utegemezi wa mada unaamua ipi ianze. Ratiba yangu ikawa:

- Wiki ya 1: muhtasari wa data saa 2, uwezekano saa 8
- Wiki ya 2: uwezekano saa 3, migawanyo saa 7
- Wiki ya 3: migawanyo saa 5, nadharia tete saa 5
- Wiki ya 4: nadharia tete saa 10
- Wiki ya 5: nadharia tete saa 5, regresheni saa 5
- Wiki ya 6: pepa mbili zilizofichwa, nzima, kwa saa ya ukutani

Zile pepa tatu za zamani nilizikata kwa mkasi. Maswali ya mada moja yakakaa bahasha moja, na bahasha haifunguliwi kabla ya wiki yake. Maswali ya pepa niliyojipima nayo nikayaweka mwisho wa kila bahasha, niyarudie nikiwa nimesahau kidogo.

Kila swali nililokosa niliandika sababu pembeni: sijui, nimeteleza, au muda umeisha. Faida yake niliiona wiki ya 4. Nilijitungia swali la mpunga: magunia 36 yana wastani wa kilo 98, mkengeuko sanifu kilo 6. Je, wastani wa kweli ni kilo 100? Nikaandika z = (98 − 100)/6, nikapata −0.33, nikasema hakuna ushahidi wa kuikataa ile 100. Kosa! Kinachogawanya ni kosa sanifu, 6/√36, yaani 1. Kwa hiyo z = −2, imepita −1.96, na kwa kiwango cha asilimia 5 ile 100 inakataliwa. Nikarudi kwenye karatasi za bahasha ya nadharia tete na kukuta kosa hilohilo mara tatu, na pembeni nimeandika "nimeteleza". Kosa linalojirudia mara tatu si kuteleza, ni kutojua. Tena chanzo chake hakikuwa kwenye nadharia tete, kilikuwa nyuma yake, kwenye migawanyo ya sampuli. Nikarudi huko asubuhi moja nzima.

Ratiba iliyumba pia. Wiki ya 3 zamu ya mashine ya kukoboa ilituangukia asubuhi mbili mfululizo, saa nne zikapotea. Sikusukuma kila kitu mbele, maana deni lote lingeishia kwenye wiki ya 6. Saa mbili nilizilipa Jumamosi, siku niliyoiacha wazi kwa madeni. Mbili nyingine nilizikata kwenye regresheni, mada yenye alama chache zaidi kati ya zilizobaki.

Na hapo kwenye regresheni kuna tahadhari. Zile alama zake 50 zilikuja hivi mwaka kwa mwaka: 10, 15, 15, 5, 5. Wastani ni 10, lakini miaka miwili ya mwisho imeshuka. Pepa tano ni chache, wastani wake unaweza kukudanganya. Mada ikipanda na kushuka namna hiyo, fungua muhtasari wa kozi uone imepewa vipindi vingapi. Na kama kuna mada mpya ambayo haimo kwenye pepa yoyote, hesabu hii haitaiona kabisa. Itengee saa zake kwa mkono.

Wiki ya 6 Jumatatu nilipata 52, Alhamisi 58. Sikusoma kitu kipya katikati yake, nilirudia tu maswali yenye neno "sijui" pembeni. Sapu nikaivuka. Kwetu inaandikwa C hata ukipata ngapi, na mama aliitazama ile C akauliza kama ndiyo kubwa. Nikamwambia, kwa sapu, ndiyo kubwa.

Bahasha bado ninazo. Semista hii nimezianza wiki ya nane, kabla sapu haijaniita.