Namba za Pembeni: Maswali na Majibu Kuhusu Mchezo wa Safu

Mwaka 1996, mjini Veszprém, Hungaria, washiriki wa Olimpiadi ya Kimataifa ya Informatiki walipewa mchezo unaoweza kuchezwa hata na mtoto. Namba zimepangwa kwa safu. Wachezaji wawili wanapokezana, na kila mmoja kwa zamu yake huchukua namba moja, ama ya ncha ya kushoto ama ya ncha ya kulia. Zikiisha, kila mtu anajumlisha alizopata. Kazi ilikuwa kuandika programu inayocheza kwanza isishindwe, ingawa mpinzani hakosei.

Kwa nini mtu asichukue tu namba kubwa kati ya zile mbili za pembeni?

Kwa sababu anayechukua pia anafungua. Tazama safu hii: 7, 20, 3, 5. Mwenye tamaa atachukua 7, na papo hapo 20 inabaki wazi pembeni. Mpinzani anaibeba. Zinabaki 3 na 5. Wa kwanza anachukua 5, wa pili 3. Matokeo ni 12 kwa 23.

Sasa aanze na 5, namba ndogo. Zinabaki 7, 20, 3, na mpinzani yuko kwenye mtego: akigusa 7 anaifungua 20, akigusa 3 anaifungua vilevile. Achague yoyote kati ya hizo, mwisho wake ni 25 kwa 10.

Kompyuta inaujuaje mtego huo?

Ingeweza kujaribu kila njia, lakini safu ya namba 30 ina njia zaidi ya milioni 536. Nafuu ni hii: kwa kuwa namba hutoka pembeni tu, zinazobaki huwa daima kipande kimoja kisichokatika. Safu ya namba 30 ina vipande 465 tu. Kila kipande kinatatuliwa mara moja, jibu linaandikwa kwenye jedwali, na halitafutwi tena. Hiyo ndiyo dainamiki programingi ya vipande.

Kwenye jedwali kunaandikwa nini hasa?

Hapa ndipo penye uzuri wa mbinu hii. Haiandikwi jumla ya kila mchezaji. Inaandikwa tofauti: mwenye zamu atamzidi mwenzake kwa kiasi gani iwapo wote wawili watacheza vizuri kabisa kuanzia kipande hicho. Akichukua namba, zamu inahamia kwa mpinzani, na faida ya mpinzani ni hasara yake. Ndiyo maana kuna alama ya kutoa.

```
D = [[0]*n for _ in range(n)]
for i in range(n-1, -1, -1):
    D[i][i] = a[i]
    for j in range(i+1, n):
        D[i][j] = max(a[i]-D[i+1][j], a[j]-D[i][j-1])
```

Kwa safu yetu, vipande vya namba mbili vinatoa 13, 17 na 2. Vya namba tatu: 7, 20, 3 kinatoa −10, maana mwenye zamu ndiye aliyenaswa; 20, 3, 5 kinatoa 18. Basi safu nzima ni kubwa kati ya 7 − 18 na 5 − (−10), yaani 15. Jumla ya namba zote ni 35. Nusu ya 35 + 15 ni 25, sawa na tuliyoipata kwa mkono.

Wanaoanza hukosea wapi?

Kwenye mpangilio wa kujaza. `D[i][j]` inahitaji `D[i+1][j]`, kwa hiyo `i` lazima ishuke. Mtu akiandika `range(n)`, programu haitalalamika hata kidogo: itasoma sifuri za visanduku visivyojazwa na kutoa 7 badala ya 15. Tofauti ya 7 ingempa wa kwanza 21, na hakuna namba mbili katika safu hiyo zenye jumla ya 21. Safu fupi inayohesabika kwa mkono ndiyo inayofichua kosa hili.

Ni kweli kwamba anayeanza hashindwi kamwe?

Ni kweli iwapo idadi ya namba ni shufwa, na katika swali la Veszprém ilikuwa shufwa. Anajumlisha namba za nafasi ya kwanza, ya tatu na kuendelea, kisha za nafasi ya pili, ya nne na kuendelea. Anachagua kundi zito, na kila zamu anachukua namba ya kundi hilo; mpinzani atabaki kila mara na ncha mbili za kundi jingine. Kule sare ilihesabiwa ushindi wa anayeanza, hivyo ujanja huu ulitosha bila jedwali lolote.

Lakini kutoshindwa si kupata kingi iwezekanavyo. Katika safu 10, 4, 1, 5, kundi zito ni 10 na 1, jumla 11. Jedwali linaonyesha njia nyingine: aanze na 10, kisha baada ya mpinzani kuchukua 5 aiache ile 1 na kubeba 4. Anaondoka na 14.