Kwa Nini Benki Imekukata Ada na Cheki Yako Umekwisha Kuipeleka?

Bwana Mkulima, somo la mwezi huu linahusu jambo ambalo limewaudhi wenye mashamba wengi wanaofanya biashara zao Busia na Malaba. Mtu hupeleka cheki yake benki, kisha hununua vitu madukani kwa kadi, na mwisho wa mwezi huona kwamba amekatwa ada kwa kutumia fedha zaidi ya zile alizokuwa nazo. Yeye hushangaa, maana ukijumlisha fedha zote, hakuzidisha hata senti moja. Hesabu yake ni sawa. Kilichomponza ni mpango wa kuandika, yaani kipi kiliandikwa kwanza katika daftari la benki na kipi kiliandikwa nyuma.

Tuchukue mfano. Mkulima mmoja ana baki ya Shs. 7,400. Siku ya Ijumaa, saa tisa na nusu alasiri, anapeleka kwenye tawi la benki yake mjini Busia cheki ya Shs. 15,000 aliyolipwa kwa mahindi. Cheki hiyo ni ya benki nyingine. Karani anampa stakabadhi iliyopigwa muhuri, naye anarudi nyumbani akijua kwamba ana Shs. 22,400. Jumamosi anakwenda Malaba, ananunua mbolea ya Shs. 5,500 na vipuri vya pampu vya Shs. 3,200. Mashini ya dukani inakubali kadi mara zote mbili. Jumatano anaangalia hesabu yake katika simu, anakuta Shs. 13,200. Kwa hesabu yake zilipaswa kuwa Shs. 13,700. Shs. 500 zimekwenda wapi?

Kwanza fahamu habari ya cheki. Cheki si fedha. Ni barua ya kuiambia benki nyingine ilipe. Katika Kenya, cheki iliyopokelewa leo kabla ya saa ya mwisho ya tawi huwa fedha siku ya kazi inayofuata, kama yule aliyeiandika anazo fedha. Lakini kila tawi lina saa yake ya mwisho ya kupokea cheki za siku hiyo, na katika mfano wetu saa hiyo ilikuwa imepita. Basi cheki ya Ijumaa ilihesabiwa kuwa ya Jumatatu, na fedha zake zikaingia Jumanne. Mpakani shughuli haisimami siku ya Jumamosi wala Jumapili, malori hupita na maduka huuza, lakini kazi ya cheki husimama. Jumatatu ikiwa sikukuu ya Kenya, ongeza siku moja tena.

Sasa habari ya kadi. Ununuzi wa kadi una hatua mbili. Hatua ya kwanza ni pale dukani: mashini huuliza benki yako kama ikubali, na benki ikikubali huziweka kando fedha hizo, ingawa bado hazijatoka. Hatua ya pili ni pale benki ya mwenye duka inapoleta madai yake, nayo benki yako huandika malipo katika daftari. Kati ya hatua hizo huweza kupita siku moja, mbili au zaidi. Katika mfano wetu madai yote mawili yaliandikwa Jumatatu usiku. Baki ya Shs. 7,400 ikatolewa Shs. 5,500, zikabaki Shs. 1,900. Kisha zikatolewa Shs. 3,200, na hesabu ikashuka chini ya sifuri kwa Shs. 1,300. Hapo ada ya Shs. 500 ikaandikwa. Cheki ilipoingia Jumanne, ilikuta deni la Shs. 1,800, ikalilipa, zikabaki Shs. 13,200. Kama cheki ingeandikwa kwanza, ada isingekuwapo.

Pengine utauliza: kwa nini mashini haikukataa vile vipuri? Swali hilo ni zuri. Hesabu nyingi hazina ruhusa ya kushuka chini ya sifuri, na kadi hukataliwa. Lakini huyu alitia sahihi fomu iliyompa ruhusa ya ovadrafti, na pengine hakusomewa. Iko na njia nyingine. Fedha zilizowekwa kando huweza kuachiliwa baada ya siku kadhaa ikiwa mwenye duka amechelewa kuleta madai. Wewe unaziona katika baki yako, unazitumia tena, kisha madai yanafika. Tena, ukinunua Tororo kwa shilingi za Uganda, kiasi kinachowekwa kando ni cha makisio tu. Kiasi cha kweli hujulikana siku ya kuandikwa, kwa bei ya fedha ya siku hiyo, nacho huweza kuzidi.

Iko pia hila ya mpango wa kuandika vitu vya siku moja. Tuseme una Shs. 1,000, na siku moja yanakuja madai ya Shs. 100, 150, 200 na 900. Yakiandikwa madogo kwanza, matatu yanalipika na moja tu linapita kiasi: ada moja. Yakiandikwa makubwa kwanza, lile la 900 linakula karibu zote, na madogo yote matatu yanapita kiasi: ada tatu. Jumla ya matumizi ni ile ile. Hayo si mambo ya kubuni. Mwaka 2010 jaji wa mahakama ya San Francisco, katika Amerika, aliamuru benki ya Wells Fargo irudishe dola milioni 203 kwa wateja wa jimbo la California, kwa sababu ilikuwa ikiandika makubwa kwanza ili ada ziongezeke. Kwa hiyo muulize meneja wako: vitu vya siku moja huandikwa kwa mpango gani, na je, fedha zinazoingia huandikwa kabla ya zinazotoka?

Ukikatwa ada, itisha taarifa ya hesabu yako, usitegemee ujumbe wa simu peke yake. Taarifa nyingi zina safu mbili za tarehe. Moja ni siku ya shughuli. Nyingine, iliyoandikwa Value Date, ndiyo siku fedha zilipohesabiwa kuwa zako. Linganisha tarehe hiyo na muhuri wa stakabadhi yako. Kama cheki ilipokelewa kabla ya saa ya mwisho na bado imeandikwa siku ya nyuma, kosa ni la benki, nawe dai ada yako kwa barua. Mwongozo wa Benki Kuu ya Kenya wa mwaka 2013 juu ya kuwalinda wateja unaitaka benki ikueleze ada zake, na benki yako isipokujibu waweza kupeleka malalamiko yako Benki Kuu.

Ikiwa unahitaji kununua mbolea kesho, mwombe mnunuzi wako akulipe kwa Pesalink, ambayo tangu mwaka 2017 hupeleka fedha kutoka benki moja hadi nyingine papo hapo. Na kama huitaki ovadrafti, andika barua uombe iondolewe. Baada ya hapo mashini ya dukani itakataa baki isipotosha, lakini barua hiyo haiwezi kuzizuia zile senti za tofauti ya bei ya fedha za Uganda, wala madai yaliyochelewa kuletwa na mwenye duka.