Somo la Juma: Mtu Akikuandikia "Nimechoka"

Andiko: 1 Wafalme 19:1-9

Eliya alipoketi chini ya mretemu alichoka mpaka akaomba kufa. Malaika hakumkemea. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akarudi mara ya pili. Swali la Mungu lilikuja baadaye, kule Horebu. Leo tutumie mpangilio huo kwa meseji ya neno moja.

Mwezi wa pili, wakati wa kuvuna ndengu, mama mmoja wa ushirika wetu aliniandikia saa nne usiku: "Nimechoka." Basi. Neno hilo laweza kuwa mgongo unaouma, malaria inayoanza, ama moyo uliolemewa. Kwa kulisoma tu huwezi kujua. Kwa hivyo sikumtumia mistari ya Biblia, wala sikulipeleka kwa kundi la maombi, maana lilikuwa neno lake na mimi. Nilijibu: "Pole sana mama. Ni kazi ya shamba, ama kuna kitu kingine?" Swali hilo linamfungulia milango miwili bila kumsukuma.

Alijibu: "Ni ndengu tu na maji, punda ni mgonjwa." Huo ni uchovu wa mwili. Asubuhi vijana wawili walimchotea mitungi, na baada ya siku mbili nikamsalimia tena. Huko kurudi mara ya pili ni muhimu, kwa sababu wengi hawasemi la ndani siku ya kwanza.

Asipojibu je? Pengine amelala, ama bando limeisha. Kama ni mtu ambaye huandika hivyo baada ya kazi, mpigie asubuhi. Lakini kama si kawaida yake, ama amefiwa, ama amejitenga siku hizi, piga simu usiku huo huo.

Na akijibu, "Nimechoka na kila kitu, afadhali nisingekuwa," hapo usizunguke. Muulize kwa upole: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo, mara nyingi humpa nafasi ya kupumua. Akikubali, usimwache peke yake. Tafuta jirani ama jamaa anayemwamini aende akae naye, na dawa ya kunyunyizia mimea itolewe nyumbani. Pigeni 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu, na mumpeleke hospitali, iwe Kitui ama Wote. Hapo siri haifichwi, ila waambiwe tu wale wanaoweza kusaidia.

Maombi na matibabu havigombani. Hapa Makueni, shirika la utafiti la Profesa David Ndetei liliwahi kufundisha waganga wa jadi, viongozi wa dini na wahudumu wa afya ya jamii kutambua ugonjwa wa huzuni na kutuma watu kliniki.

Swali la ushirika: Ni nani alikuandikia "nimechoka" juma hili, na je, umerudi kwake mara ya pili?