Mdudu jikoni: jinsi ya kumtambua dumuzi kwa picha ya simu

Wakazi wengi wa Kaunti ya Taita Taveta huhifadhi mahindi nyumbani, mara nyingi karibu na jiko au chini ya kitanda. Mdudu mdogo mweusi anapoonekana dirishani, swali huwa moja: atupwe nje tu, au magunia yafunguliwe leo hii?

Swali hilo lina historia hapa. Dumuzi, ambaye wengine humwita Osama na majirani wa Tanzania humwita Skania, asili yake ni Amerika ya Kati. Aligunduliwa kwanza Tabora, Tanzania, mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1983 alionekana Kenya kwa mara ya kwanza, na mahali penyewe palikuwa Taveta.

Kupiga picha

Mweke mdudu juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha, na kando yake uweke rula au punje ya mahindi ili ukubwa wake ujulikane. Futa kioo cha kamera. Usiisogeze simu karibu mno, kwa kuwa picha itakuwa na ukungu. Piga kutoka umbali wa kama sentimita 10, kisha ikuze picha kwenye skrini. Piga mara mbili: kutoka juu, na kutoka ubavuni. Picha ya juu peke yake huwapotosha wengi.

Kusoma picha

Anza na kichwa. Mdudu akiwa na mdomo mrefu uliopinda kama mkonga wa ndovu, huyo ni fukusi wa kawaida. Fukusi ni mharibifu, lakini si dumuzi.

Kichwa kisipoonekana kabisa kutoka juu, kana kwamba mdudu amevaa kofia iliyofunika uso, shuku dumuzi. Kichwa chake kimeinamia chini ya bega lenye vipele vingi. Picha ya ubavuni ndiyo inayokionyesha.

Kisha tazama mkia. Mwili wa dumuzi ni kama kipande kidogo cha kijiti, urefu wa milimita 3 hadi 4 na nusu, na nyuma umekatika ghafla kama uliokatwa kwa kisu. Ana binamu mdogo wa milimita 2 hadi 3, ambaye pia huficha kichwa na kula nafaka, lakini mkia wake ni wa mviringo. Hapo ndipo rula inaposaidia.

Mweusi asiyekula mahindi

Yuko mwingine anayeuawa kwa makosa. Ni mdudu mweusi anayeng'aa, laini mgongoni, mwenye urefu wa milimita 2 hivi. Mabawa yake magumu ni mafupi, hivyo ncha ya mkia hubaki wazi. Dumuzi hang'ai hivyo, na mabawa yake hufunika mwili hadi mwisho. Mdudu huyu hula mayai na viluwiluwi vya dumuzi, na aliletwa nchini na kuachiliwa mwaka 1992 kwa kazi hiyo.

Yeye hana madhara, lakini kuwapo kwake si habari njema. Hufuata harufu ya dumuzi. Ukimwona jikoni, kagua magunia.

Mfano

Familia moja mjini Voi ina magunia mawili nyuma ya jiko. Jioni mdudu anaonekana ukutani karibu na taa. Katika picha ya juu hana kichwa. Rula inaonyesha milimita 4. Picha ya ubavuni inaonyesha mkia uliokatika. Dalili tatu zinakubaliana, lakini dumuzi huruka, na huenda ametoka kwa jirani. Kwa hiyo familia inachota mahindi kutoka katikati ya gunia na kuyachekecha juu ya karatasi. Gunia la kwanza ni safi. La pili linatoa unga mwingi, na punje zina matundu ya mviringo. Hapo jibu limepatikana, na limetoka kwenye gunia wala si kwenye picha peke yake.

Hatua zinazofuata

Gunia lililoshambuliwa litengwe siku hiyo hiyo, na mahindi yachekechwe nje, mbali na ghala. Mahindi yaliyo kwenye magunzi yapukuchuliwe, kwa sababu dumuzi hushambulia zaidi yaliyo kwenye gunzi. Mbao za ghala zisafishwe pia, kwani hujificha humo. Muhogo mkavu ukaguliwe vilevile.

Anayetaka kutumia dawa ya unga achague iliyosajiliwa kwa nafaka inayohifadhiwa, yenye viambato viwili: kimoja hushinda fukusi na kingine dumuzi. Dawa ya kiambato kimoja huweza kumwacha mmoja wao hai. Kipimo kifuatwe kama lebo inavyoelekeza.

Picha ikiwa na ukungu, au mkia ukileta shaka, weka wadudu wachache kwenye chupa ndogo yenye kifuniko, pamoja na konzi ya mahindi, na uvipeleke kwa afisa wa kilimo wa wadi.